Mabosi watatu, wiki moja, kila mmoja anasema yake ndiyo ya haraka. Ya nne naikataaje?

Kalamu Kavu (Jumapili, saa 1 usiku)

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kabla hakujakucha.

Mimi ni mchambuzi wa takwimu. Kwenye karatasi niko chini ya bosi wa fedha, yeye ndiye anayenijazia fomu ya tathmini. Kwa vitendo natumwa na watatu: yeye, bosi wa miradi na bosi wa masoko. Kila mmoja anajua nina wenzake, lakini nadhani kila mmoja anaamini hao wengine hawanipi kazi za maana.

Wiki inayoanza kesho iko hivi. Masoko anataka slaidi 20 zenye chati, Jumatano asubuhi. Miradi anataka data za dodoso zisafishwe na majedwali 12 ya mfadhili yawe tayari Alhamisi jioni. Fedha anataka ripoti ya robo mwaka Ijumaa saa 6 mchana. Hizo nilishazikubali zote, kila moja kwa siku yake, bila kuzijumlisha.

Sasa Ijumaa saa 11 jioni, kompyuta nimeshazima na mkoba uko begani, bosi wa masoko akaja akaegemea meza yangu kwa mkono mmoja kama mtu anayepita tu. "Kitu kidogo. Nipe orodha ya wateja walioacha kununua tangu mwaka uanze, eneo kwa eneo. Jumatano hiyo hiyo." Nikamjibu "sawa". Hiyo "sawa" imeninyima usingizi siku mbili.

Nitarudije kusema hapana bila kuonekana mvivu au mwenye kiburi? Nawasilisha.

Simba Mkali

Dada, unajisumbua. Kesho asubuhi mwambie "haiwezekani" na uendelee na kazi zako. Mtu akishakuzoea kuwa husemi hapana atakupanda kichwani. Mimi nilishasema hapana mara moja tu, hawajarudia.

Mpole

Simba, wewe inaonekana una mtaji wako pembeni 😄

Dada, mimi huwa nafanya hivi: kila siku nagusa kila kazi kidogo. Asubuhi ya huyu, mchana ya yule, jioni ya mwingine. Bosi akiuliza, namwonyesha nilipofikia. Hakuna anayelalamika kuwa yake imelala.

Mtafsiri Huru

Haya mambo nayajua sana. Mimi nina wateja wanne wa tafsiri na wote wanataka leo. Dawa yake ni moja: bei ya haraka. Anayetaka kesho analipa mara mbili. Utashangaa haraka zinavyoisha. Waambie wakuongezee malipo ya saa za ziada.

Kalamu Kavu

Mtafsiri, asante, ila mimi nimeajiriwa. Saa zangu zimeshanunuliwa zote, siwezi kumuuzia mtu mara ya pili. Na hata wakinilipa za ziada, Jumatano haitasogea.

Fundi Hesabu

Naomba nimjibu Mpole, maana hiyo njia yake ina gharama isiyoonekana.

Chukua kazi tatu, kila moja siku 5. Ukimaliza moja ndipo uanze nyingine, ya kwanza inatoka siku ya 5, ya pili siku ya 10, ya tatu siku ya 15. Ukizizungusha, leo hii, kesho ile, kesho kutwa ya tatu, basi ya kwanza inatoka siku ya 13, ya pili ya 14, ya tatu ya 15. Jasho ni lile lile. Wa tatu hakupata faida yoyote, na wawili wa kwanza umewachelewesha siku 8 na siku 4. Na hapo sijahesabu muda unaopotea kila ukirudi kwenye faili ukijiuliza "hivi niliishia wapi?"

Mpole

Hesabu sina ubishi nayo, Fundi. Ila hesabu yako haina bosi ndani yake. Bosi asiyeona chochote siku 10 anakuja mezani kila saa, na huo nao ni muda. Mimi afadhali nichelewe nikiwa nimetulia.

Fundi Hesabu

Hapo umenishika kidogo. Basi mwonyeshe foleni, usimwonyeshe kazi nusu nusu.

Mzee wa Ratiba

Dada Kalamu, nimepanga kazi za watu wa kugawana kwa miaka mingi, yaani mtaalamu mmoja na idara tatu nne zinamvuta. Kabla ya kufika kwenye "hapana" nina maswali mawili.

La kwanza, kila kazi ni saa ngapi za mikono yako? Sitaki tarehe, nataka saa. La pili, wiki yako ina saa ngapi baada ya kutoa vikao na yale mambo ya kila siku ambayo hakuna anayeyaita kazi?

Hapana ambayo haina namba nyuma yake inasikika kama huna moyo wa kazi. Yenye namba inakuwa swali ambalo bosi analazimika kulijibu.

Kalamu Kavu

Nimekaa na karatasi. Wiki ni saa 40. Vikao vya kudumu 6. Maombi madogo, kurekebisha faili za watu na kujibu barua pepe, nikijitazama wiki iliyopita, kama 7. Zinabaki 27.

Slaidi 10. Dodoso na majedwali 18, yaani 8 za kusafisha data na 10 za majedwali. Ripoti ya robo mwaka 14. Jumla 42. Orodha ya wateja waliokimbia ni 4 nyingine.

Wakuu, nimepigwa na butwaa. Nilidhani tatizo ni hiyo ya nne. Kumbe hata bila yake nimezidiwa saa 15.

Mzee wa Ratiba

Ndiyo kawaida. Mtu anapambana na kazi ya mwisho kuingia kwa sababu ndiyo iliyomkuta amechoka, lakini shimo lilichimbwa na zile alizozikubali kwa furaha. Ukiikataa ya nne kesho na kuziacha tatu kama zilivyo, Ijumaa utachelewa vile vile, na bosi wa masoko atasema: alininyima yangu, na bado hakumaliza za wenzangu.

Kwa hiyo anza na zile tatu. Usimuulize mtu kama kazi yake ni ya haraka, jibu unalijua. Muulize itatumika wapi, lini, na ni kipande gani kitakachotazamwa siku hiyo. Slaidi 20: ni ngapi zinahitaji takwimu kweli? Majedwali 12: mfadhili anayahitaji yote Alhamisi, au kuna machache ya kumtosha aanze? Ripoti ya saa 6 mchana Ijumaa: nani ataisoma Ijumaa saa 7?

Maswali haya yaulize kwa mdomo, mmoja mmoja, asubuhi na mapema, ukianza na bosi wako wa tathmini. Asije akasikia kwa wenzake kwamba umezidiwa.

Niliwahi Kuwa Bosi

Naunga mkono la kuanza na bosi wako. Niongeze la upande wa pili wa meza, kwa sababu nimelikalia.

Bosi anayeleta "kitu kidogo" mara nyingi hajui ni saa 4. Anaona orodha, anafikiri unabonyeza kitufe. Kwa hiyo usikimbilie kudhani anakuonea. Mwambie: "Hiyo ni nusu siku, kwa sababu majina ya wateja yameandikwa tofauti kwenye faili mbili, lazima niyalinganishe." Mimi niliwahi kuifuta kazi papo hapo baada ya kusikia sentensi ya namna hiyo. Nilikuwa naitaka kwa dakika tano, siyo kwa nusu siku.

Simba Mkali

Yote haya kwa ajili ya neno moja "hapana". Haya bwana.

Msomi wa Jioni

Simba ana hoja kwa upande mmoja, tatizo ni la muundo. Henri Fayol, yule mhandisi wa migodi Mfaransa, aliandika mwaka 1916 kwamba mfanyakazi apokee amri kwa mkubwa mmoja tu. Ofisi inayomweka mtu chini ya watatu imejitakia.

Kalamu Kavu

Msomi, nakubali kabisa, lakini kesho saa 2 asubuhi Fayol hatakuwepo ofisini.

---

Kalamu Kavu (Jumatatu, saa 7 mchana)

Nimerudi. Nimewaona wote watatu.

Masoko: kati ya slaidi 20, zenye takwimu ni 6. Zilizobaki ni maneno na picha, kijana wa idara yake anaweza kuzipanga. Kwangu zinabaki saa 4 badala ya 10. Hakufurahi sana, ila alikubali.

Miradi: mfadhili ana kikao Ijumaa na atatazama majedwali 5 tu. Saba yaliyobaki yanaweza kwenda wiki ijayo. Kusafisha data hakupungui, ni 8 zile zile, maana huwezi kusafisha nusu ya dodoso. Majedwali 5 ni saa 4. Jumla 12 badala ya 18.

Fedha: ripoti ni 14, haikatiki. Ila ameniruhusu niruke vikao viwili vya wiki hii, nimepata saa 3.

Kwa hiyo nina saa 30, na kazi ni 4 na 12 na 14, jumla 30. Imetimia!

Mzee wa Ratiba

Hongera, umefanya kazi kubwa asubuhi moja. Lakini usishangilie bado. Jumla imetimia, tarehe je? Saa 30 kwa siku 5 ni saa 6 kwa siku. Zipange kwenye siku uone.

Kalamu Kavu

Mpaka Jumatano asubuhi nina siku mbili, saa 12. Slaidi 4, zinabaki 8, ndiyo kusafisha data. Jumatano na Alhamisi nina 12 nyingine: majedwali 4, kisha 8 za ripoti. Ijumaa mpaka saa 6 mchana nina kama 3. Ripoti inakuwa imepata 11.

Ripoti ni 14. Nimepungukiwa saa 3 kabla ya saa 6 mchana. Loo.

Mzee wa Ratiba

Hapo ndipo wengi wanapoangukia. Wiki inatosha, lakini tarehe ya mwisho iko mahali pabaya ndani ya wiki. Mtu anaingia Jumatatu akiwa na amani, Ijumaa saa 5 anakuta hajamaliza na hajui aliteleza wapi. Tena mpango huo hauna hata saa moja ya dharura. Kompyuta ikigoma nusu siku, umekwisha.

Rudi kwa bosi wa fedha leo, siyo Alhamisi. Mwambie unaomba ripoti ihamie Jumatatu saa 3 asubuhi. Leo ombi hilo ni mipango. Alhamisi linakuwa kisingizio, hata kama maneno ni yale yale.

Na ile ya nne sasa unaweza kuijibu.

Kalamu Kavu

Nimeandika hivi, naomba mnikosoe kabla sijatuma kwa wote watatu:

"Kwa sasa nimezidiwa na siwezi kupokea kazi nyingine wiki hii. Orodha ya wateja nitaifanya nikipata nafasi. Nisiposikia kutoka kwenu naendelea na mpango wangu."

Niliwahi Kuwa Bosi

Usitume hiyo. "Nikipata nafasi" maana yake ni kamwe, kila bosi anaisoma hivyo. "Nimezidiwa" ni habari ya hisia zako. Na "nisiposikia naendelea" kutoka kwa mdogo kwenda kwa wakubwa watatu ni kujitafutia kesi.

Mzee wa Ratiba

Nakubaliana na mkuu. Jaribu hivi:

"Mpango wa wiki hii, kama tulivyozungumza asubuhi: slaidi 6 za masoko, Jumatano saa 2 asubuhi. Data na majedwali 5 ya mfadhili, Alhamisi jioni. Ripoti ya robo mwaka, Jumatatu saa 3 asubuhi. Orodha ya wateja ni saa 4. Ninaweza kuikabidhi Jumatano ya wiki ijayo. Ikihitajika wiki hii, itachukua nafasi ya majedwali ya mfadhili, kwa hiyo naomba wakuu wa masoko na miradi mkubaliane mnielekeze. Nitafuata mpango huu hadi mtakapoelekeza vingine."

Angalia, neno hapana halimo. Kuna tarehe, kuna gharama, na anayebeba gharama ametajwa. Muhimu zaidi, humpelekei bosi wa miradi ujumbe kwamba wa masoko anataka nafasi yake. Ukianza kuwa mjumbe kati yao, kila mmoja atakasirikia uso anaouona, na uso huo ni wako.

Niliwahi Kuwa Bosi

Maneno mazuri. Ila mimi nisingetuma kwa wote pamoja. Bosi wa masoko atasoma mbele ya wenzake kwamba ombi lake limewekwa mwisho. Angeambiwa peke yake kwanza.

Mzee wa Ratiba

Ukimwambia peke yake atakubembeleza peke yake, na wenzake hawatajua. Barua moja kwa wote ndiyo inayowafanya wazungumze wao kwa wao.

Niliwahi Kuwa Bosi

Inategemea mtu. Nimeona barua ya namna hiyo ikigeuka vita ya wiki nzima.

Kalamu Kavu

Nimefanya vyote viwili. Nimemwona bosi wa masoko kwanza, nikamwambia ni saa 4 na kwa nini, na kwamba barua inakuja. Akasema "aah, sawa", uso umekunjamana. Bosi wa fedha ameridhia Jumatatu: kumbe ripoti anaisoma Jumapili usiku lakini kikao chake ni Jumanne, hivyo Jumatatu inamtosha. Nimetuma jioni hii. Bosi wa miradi amejibu "sawa". Masoko kimya.

---

Kalamu Kavu (Jumamosi, saa 4 asubuhi)

Mrejesho, wakuu.

Slaidi zilitoka Jumatano. Majedwali 5 yalitoka Alhamisi saa 11 jioni. Ripoti imebakiza kama saa mbili, nitamaliza Jumatatu alfajiri.

Lakini sikilizeni ya Jumatano mchana. Bosi wa masoko hakunijibu barua, alikwenda kwa bosi wa fedha kwa mdomo. Bosi wa fedha akapita mezani kwangu akasema, "Mfanyie tu huyo bwana orodha yake, yaishe." Bosi wangu mwenyewe!

Nilitetemeka kidogo. Nikafungua ule mpango kwenye skrini, nikamuuliza: "Sawa mkuu. Majedwali siwezi kuyagusa tena, bosi wa miradi ameshamwahidi mfadhili. Zitatoka kwenye ripoti yako. Ihamie Jumatatu mchana?" Akaitazama skrini muda mrefu. Akasema, "Ngoja kwanza." Sijui walizungumza nini, orodha imebaki Jumatano ijayo.

Mzee wa Ratiba

Vizuri sana. Ungemjibu "lakini tulikubaliana" mngebishana. Ulimwonyesha inakotoka.

Simba Mkali

Kwa hiyo mwisho wa yote ulisema hapana 😂

Kalamu Kavu

Hapana, Simba, sikusema 😂

Kuna jambo bado linanisumbua. Masoko wamekuwa wakinijia na "dakika tano tu". Niliandika kwenye kikaratasi cha njano pembeni ya skrini kila zilipotokea: Jumanne dakika 25, Jumatano 40, Alhamisi 35. Saa 1 na dakika 40, ndani ya zile 7 nilizotenga, sawa, lakini zote za idara moja. Je, nimwonyeshe bosi wa fedha, au nitaonekana nafanya upelelezi?

Niliwahi Kuwa Bosi

Usimpelekee kikaratasi. Siku tatu ni chache, na chenye jina la idara moja kinanuka ugomvi. Andika za idara zote, wiki nne, kisha umwambie jumla tu.

Mpole

Mimi ningekitupa. Amekunja uso tayari, tathmini haiko mbali.

Mzee wa Ratiba

Tathmini inajazwa na wa fedha, siyo wa masoko. Ingawa hao wanakula chakula cha mchana meza moja, kwa hiyo Mpole naye hajakosea. Kiandike, kikae droo.

Kalamu Kavu

Kimeshaingia droo. Jumatano ijayo nina orodha, na majedwali 7 yaliyobaki nimeahidi siku hiyo hiyo. Ngoja nikahesabu saa zake kabla sijatuma chochote.